Mgonjwa haitikii: mwongozo wa kutenganisha kifo cha ubongo, kuwa macho bila fahamu, na fahamu hafifu

Mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa wodi akaniambia, "Daktari, mwanangu ananitazama." Mwanawe, kijana wa miaka 27 aliyeanguka na pikipiki, alikuwa na wiki ya nane kitandani. Faili lilisema macho yanafunguka lakini hana fahamu. Nilikuwa na jibu mdomoni, lile tunalolitoa kila siku, kwamba kufungua macho siyo kuona. Sijui nini kilinizuia. Nikamuuliza, "Mama, anakutazama ukiwa umekaa upande gani?" Akasema, "Nikikaa kulia. Nikihamia kushoto ananipoteza."

Mtu anayejipa moyo hasemi hivyo. Husema mwanawe anamtazama popote alipo. Yule mama alikuwa ameona kitu chenye mpaka, na kitu chenye mpaka kinaweza kupimwa. Nitamrudia kijana huyo. Kabla ya hapo inabidi tupite kwenye swali linalotangulia yote, kwa sababu watu hulichanganya na hili, na kulichanganya kuna gharama kubwa.

Hatua ya kwanza: uliza kama shina la ubongo lina uhai

Shina la ubongo ni kile kipande kifupi kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ndicho kinachoamsha mwili, kinachoendesha pumzi, na kinachofanya mboni zisinyae ukimulika tochi. Gamba la ubongo lililo juu yake ndilo linaloelewa, kukumbuka na kuamua. Ukilishika hilo, hali zote zinajipanga zenyewe.

Aliye katika koma amefumba macho na haamki hata ukimfinya. Hali hiyo kwa kawaida haizidi wiki chache: mgonjwa hufa, huamka, au hufungua macho bila fahamu kurudi. Huyu wa mwisho ndiye tunayesema yuko macho bila fahamu. Shina lake linafanya kazi, hivyo analala na kuamka, anapumua mwenyewe, anapiga miayo, anasaga meno, pengine hata analia au kutabasamu, lakini hakuna tendo lake linaloonyesha kwamba anajijua au anajua kilicho mbele yake. Bryan Jennett na Fred Plum waliipa hali hii jina mwaka 1972, wakaiita vejitativu. Jina hilo limegeuzwa mitaani kuwa "hali ya mmea", nami silitumii mbele ya ndugu, maana wakilisikia tu wanaelewa kwamba mtu wao amekuwa gogo. Tangu 2010 wapo wataalamu wengi wanaosema tu kwamba mgonjwa yuko macho bila kuitikia.

Fahamu hafifu ni hatua moja mbele. Vigezo vyake viliandikwa mwaka 2002. Mgonjwa anaonyesha dalili ndogo ya kujua, ambayo inakuja na kuondoka lakini ipo wazi: anafuata kitu kwa macho, anapeleka mkono mahali panapouma, anatii agizo dogo mara tatu kati ya nne. Leo anaweza, kesho hawezi. Kuyumba huko ni sehemu ya hali yenyewe, na ndiko kunakowadanganya wengi.

Kifo cha ubongo hakimo kabisa kwenye ngazi hii. Hapo shina limekufa pamoja na sehemu nyingine za ubongo, na mtu huyo amefariki kisheria katika nchi nyingi, ingawa mashine ya kupumulia inainua kifua na moyo unapiga. Aliye macho bila fahamu anapumua mwenyewe. Aliyekufa ubongo hawezi kuvuta hata pumzi moja. Ndugu wakikuuliza tofauti ni nini, anza hapo.

Hatua ya pili: kabla ya kupima kifo cha ubongo, ondoa vinavyokiigiza

Dhana ya kupima kifo kwa ubongo ilianza kuandikwa na Wafaransa Mollaret na Goulon mwaka 1959, ikapata sura yake katika kamati ya Harvard mwaka 1968. Uingereza wanaangalia shina la ubongo peke yake, Marekani sheria inataja ubongo wote. Kitandani vipimo vinakaribiana sana. Idadi ya madaktari na mara za kupima hutofautiana, kwa hiyo fuata sheria ya nchi yako. Ninayoeleza hapa ni ya mtu mzima, kwani watoto wana muda wao wa kusubiri na vipimo vya kurudiwa.

Kazi kubwa iko kabla ya vipimo. Lazima ujue chanzo, kiwe kikubwa kiasi cha kuua ubongo, na kiwe hakirudi nyuma. Hapa ndipo picha inapoingia kwa mara ya kwanza, na hapa ndipo inapofaa kuliko pengine popote: CT ya kichwa ionyeshe uharibifu unaolingana na unachokiona kitandani. Ubongo umevimba mpaka mikunjo imefutika, vijumba vya maji vimebanwa, shina limesukumwa chini kuelekea tundu la fuvu. Ukikuta mgonjwa hana refleksi yoyote na CT yake ni safi, simama hapo hapo. Huyo anaweza kuwa amemeza dawa, ameumwa na nyoka mwenye sumu ya neva, ana ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré uliopooza mpaka mboni, au mshipa wa shina la ubongo umeziba muda mfupi uliopita na CT bado haijaonyesha. Baklofeni, dawa ya misuli iliyokakamaa, ikizidi inaweza kumlaza mtu ukadhani amekufa, na siku chache baadaye akakaa kitandani kuomba maji.

Halafu dawa. Subiri muda usiopungua nusu-maisha tano za kila dawa ya usingizi, yaani mara tano ya muda ambao nusu ya dawa hutoka mwilini, na uongeze ikiwa figo au ini ni dhaifu au mwili ulishushwa joto. Joto la mwili liwe angalau nyuzi 36. Presha, ile namba ya juu, iwe angalau 100. Kama moyo ulisimama ukaanzishwa tena, subiri angalau saa 24 kabla ya kupima chochote.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ubingwa nilisogea kitandani na tochi mkononi, nimejiamini, CT mbaya ukutani. Sista wa zamu akaniuliza kwa upole, "Daktari, dawa ya kulegeza misuli ilisimama saa ngapi?" Ilikuwa imesimama dakika 40 zilizopita. Mgonjwa aliyelegezwa misuli hawezi kukohoa, kukunja uso wala kuvuta pumzi, hata akiwa anasikia kila neno. Tukaleta kichocheo cha neva, tukakiweka kwenye kifundo cha mkono, kidole gumba hakikutikisika hata mara moja kwa mishtuko minne ya umeme. Tulisubiri mpaka kesho yake. Tangu siku hiyo sigusi tochi kabla ya kuona kidole gumba kikiruka.

Hatua ya tatu: vipimo kitandani, kwa mpangilio

Nitumie mgonjwa mmoja. Mwanamke wa miaka 52, mshipa uliovimba kichwani ulipasuka, CT ikaonyesha damu kila kona na shina lililoshuka. Siku ya pili mboni zilipanuka. Alikuwa na joto la 35.1 na presha ya juu ya 88, hivyo saa za mwanzo zilikwisha kwa blanketi la joto na noradrenalini, mpaka tukafika 36.4 na 118. Dawa ya usingizi ilikuwa imesimama kwa muda mrefu kuliko unaotakiwa, na figo zilikuwa nzima.

Tulianza kwa maumivu: kubonyeza kucha za mikono na miguu, kisha mfupa juu ya jicho, kisha taya chini ya masikio. Uso haukukunjamana. Mguu ulijikunja kidogo nilipobonyeza kidole gumba cha mguu, na shemeji yake aliyekuwa amesimama pale akaruka. Hiyo ni refleksi ya uti wa mgongo. Uti haujafa, na unaweza kukunja mguu au hata kuinua mikono yote miwili ikavuka kifua, jambo linaloitwa ishara ya Lazaro. Waeleze ndugu kabla hujaanza, maana ukieleza baada ya wao kuona, hawatakuamini. Na wewe mwenyewe kama huna uhakika kwamba tendo ni la uti, usitangaze chochote.

Mboni zilikuwa za milimita 6, hazikubadilika kwa mwanga. Zingekuwa ndogo kama tundu la sindano ningeshuku dawa za jamii ya morfini kwanza. Konea iliguswa kwa ncha ya pamba, kope hazikutikisika. Kichwa kiligeuzwa haraka kulia na kushoto, macho yakaenda na kichwa kama macho ya mwanasesere wa mbao, hayakubaki nyuma. Kipimo hiki kiache ikiwa shingo ina shaka ya kuvunjika.

Kisha maji ya barafu. Tazama kwanza kwa otoskopu kama sikio halina nta wala tundu kwenye ngoma. Inua kichwa nyuzi 30, mimina polepole mililita 50 au zaidi za maji ya barafu, na mtu mwingine ashikilie kope wazi akitazama kwa dakika nzima. Jicho la mtu mwenye shina zima husogea polepole kuelekea sikio lenye baridi. La mama huyu halikusogea. Subiri dakika tano kabla ya sikio la pili, la sivyo baridi ya kwanza inaharibu kipimo. Mwisho, mpira wa kunyonyea makohozi ulishushwa mpaka ndani ya bomba la hewa: hakuna kikohozi. Koo likaguswa: hakuna kukokomoka.

Vyote vikiwa kimya, kinabaki cha pumzi. Hiki huja mwisho kwa sababu kinaweza kumdhuru ambaye ubongo wake bado unahangaika: kaboni dayoksaidi ikipanda, mishipa ya kichwani hutanuka na shinikizo huongezeka.

Mpe oksijeni asilimia 100 kwa dakika 10 angalau, na urekebishe mashine mpaka kaboni dayoksaidi ya damu, PaCO2, iwe kati ya 35 na 45. Chukua damu ya kwanza. Ondoa mashine, pitisha oksijeni lita 6 kwa dakika kwa kimpira chembamba kinachofika karibu na mahali bomba la hewa linapogawanyika. Kisizibe bomba, kwa sababu hewa isiyopata pa kutokea inapasua mapafu. Vua shuka. Tazama kifua na tumbo, usitazame skrini ya mashine: mashine iliyounganishwa inaweza kujianzisha yenyewe kwa mtikisiko wa moyo ukadhani ni pumzi, na watu wamedanganyika hivyo. Kaa dakika 8 hadi 10. Presha ikishuka chini ya 100 na dawa haiinui, oksijeni ikianguka chini ya asilimia 85, au moyo ukipiga ovyo, rudisha mashine.

Mama huyu alianza na:

```
PaCO2 39 mmHg   pH 7.39
```

Dakika ya 10:

```
PaCO2 67 mmHg   pH 7.20
```

Kinachotakiwa ni PaCO2 kufika 60 au zaidi, iwe imepanda angalau 20 juu ya pale alipoanzia, na pH ishuke chini ya 7.30. Hakuvuta pumzi. Saa ya kifo ni saa majibu ya gesi yalipotoka, 10:42 jioni. Siyo saa mashine ilipozimwa baadaye, na cheti kiandikwe hivyo. Ndugu wengi hudhani daktari ndiye aliyeua alipozima mashine. Saa ikiwa imeandikwa sawasawa, mazungumzo hayo huwa mepesi kidogo.

Hatua ya nne: lini picha ya mtiririko wa damu inahitajika

Kwa mama huyu haikuhitajika. Kipimo cha kitandani kikikamilika, picha haikiongezei nguvu. Inaitwa pale tu ambapo kitanda hakiwezi kujibu: uso umepondeka hata macho hayafunguki, mgonjwa wa mapafu sugu amezoea kaboni dayoksaidi ya juu, presha haivumilii kuondolewa mashine, au dawa ya usingizi haitatoka mwilini kwa siku nyingi.

Swali linaloulizwa hapo ni moja: damu inaingia kichwani? Picha ya mishipa minne kwa katheta ndiyo ya asili. Rangi inapanda shingoni na kukoma pale mshipa unapoingia fuvu. Picha ya nyuklia ni nyepesi kwa mgonjwa: chembe zenye mnururisho zinachomwa kwenye damu, na ubongo usiopokea damu hubaki shimo jeusi ndani ya kichwa kinachong'aa pembeni. Dopla ya fuvu inaweza kuonyesha damu ikisukumwa mbele na kurudi nyuma pale pale. Mwongozo wa Marekani wa 2023 haukubali CT ya mishipa, MRI ya mishipa wala umeme wa ubongo kwa kazi hii kwa watu wazima, wakati Ufaransa CT ya mishipa inakubalika. Hapa tena sheria yako ndiyo inayoamua.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa kila msomaji aukumbuke. Damu haiingii kichwani kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu limeipita presha. Mgonjwa aliyeondolewa kipande cha fuvu, au mwenye bomba la kutoa maji kichwani, shinikizo lake lina pa kutokea, na damu inaweza kuendelea kupita ndani ya ubongo uliokwisha kufa. Picha itasema "damu ipo", na watu watasema "basi yuko hai". Picha imejibu swali lake kweli, ila swali lenyewe halikuwa lile tuliloulizwa.

Hatua ya tano: kutafuta fahamu kwa anayepumua mwenyewe

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alikuwa anapumua mwenyewe kwa tundu la shingoni, mboni zinasinyaa, anakohoa. Kifo cha ubongo hakikuwa swali. Swali lilikuwa kama kuna mtu ndani.

Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba kwa tathmini ya mazoea, yaani kupita asubuhi na kusema "bado vilevile", wagonjwa wapatao wanne kati ya kumi wanaoandikwa hawana fahamu wanayo kiasi. Dawa yake ni kipimo kilichopangwa. Kinachotumika zaidi ni CRS-R, cha mwaka 2004, chenye vipengele sita vya kusikia, kuona, mwendo, mdomo, mawasiliano na uamko, na jumla ya alama 23.

Andaa mgonjwa kwanza. Mkalishe wima kadiri inavyowezekana, asiwe ametoka kuogeshwa wala kufanyiwa mazoezi. Angalia homa, sodiamu, na orodha ya dawa. Kijana huyu alikuwa anapewa baklofeni asubuhi saa 12 kwa ajili ya misuli iliyokakamaa, na madaktari walimpitia saa 2. Walikuwa wanampima akiwa amelewa dawa. Tulihamisha upimaji uwe saa 11 alfajiri, kabla ya dozi.

Kaa dakika moja unamtazama tu, uandike anachofanya bila kuombwa. Mtu anayepepesa macho kila sekunde tatu atapepesa pia ukimwambia "pepesa", na utashangilia bure. Akisinzia katikati, bonyeza misuli ya uso, shingo, mabega na kushuka mpaka aamke, kisha endelea.

Kwa macho tumia kioo. Kioo cha kawaida cha mkononi, sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso, kisogezwe polepole nyuzi 45 kulia, kushoto, juu na chini, mara mbili kila upande. Tunakitumia kwa sababu imeonekana tangu 2008 kwamba wagonjwa wengine hufuata uso wao wenyewe wakati hawafuati kalamu wala uso wa daktari. Akifuata mara mbili bila kuukosa, hiyo inahesabika, na kwa kawaida ndiyo dalili ya kwanza kurudi. Kupepesa unapotishia jicho kwa mkono hakuhesabiki kuwa dalili ya fahamu.

Kwa maagizo, kosa ninaloliona kila wiki ni "shika mkono wangu". Kiganja kikiguswa hujifunga chenyewe, hata kwa mtoto mchanga. Ukitaka kutumia mkono, sema "niachie", kisha uone. Bora zaidi chagua tendo ambalo mgonjwa anaweza kulifanya ila halifanyi ovyo, kama kutazama kitu ukikitaja. Sema mara nne, ukimpa sekunde 10 kila mara. Akiitikia mara tatu kati ya nne, ana fahamu. Na mwache mtu wa familia aseme maneno hayo kwa lugha ya nyumbani. Sauti ya daktari mgeni saa 11 alfajiri haimwamshi mtu.

Siku ya kwanza kijana alipata 1 kusikia, 1 kuona, 2 mwendo, 1 mdomo, 0 mawasiliano na 1 uamko, jumla 6. Hakuna kilichopita kushtuka na kuvuta mkono unapofinywa. Ningeishia hapo ningeandika kile kile kilichokuwemo kwenye faili. Siku ya tatu, saa 11 alfajiri, kioo kikiwa upande wa kulia, macho yalikifuata mara ya kwanza bila kukipoteza, yakakifuata tena mara ya pili bila kukwama. Upande wa kushoto, hakuna. Kuona kukawa 3, uamko 2, jumla 9, na utambuzi ukabadilika kuwa fahamu hafifu. Siku ya tisa mama yake akamwambia "tazama mpira" huku mpira na kombe vikiwa mbele yake, akautazama mara tatu kati ya nne. Kusikia kukapanda kutoka 1 hadi 3, jumla 11.

Jumla hiyo ndogo inapotosha usipoangalia. Dalili moja tu ya kufuata kwa macho inatosha kubadilisha utambuzi, hata kama vipengele vingine vyote viko chini. Na kipimo kimoja hakitoshi: pima angalau mara tano ndani ya wiki mbili, saa tofauti, uchukue matokeo bora, siyo wastani.

Mgonjwa asiyetikisika kabisa ila macho yake yanapanda na kushuka ukimwambia ni jambo jingine. Huyo anaweza kuwa amefungiwa ndani ya mwili, mbele ya shina imeumia na fahamu ni nzima kabisa. Mwambie kila mgonjwa "tazama juu" kabla ya kumwandikia lolote.

Hatua ya sita: picha kwa mgonjwa aliye macho

Hakuna CT inayoweza kukuambia kama mtu yuko macho bila fahamu au ana fahamu hafifu. Ubongo wa makundi haya mawili unaweza kufanana kabisa kwenye filamu. Lakini usiache kuipiga, kwa sababu inatafuta kingine: kitu kinachotibika. Wiki kadhaa baada ya jeraha, vijumba vya maji vinaweza kutanuka taratibu na kumvuta mgonjwa chini, na bomba la kutoa maji likamrudisha. Damu iliyojikusanya chini ya utando wa ubongo hufanya vivyo hivyo. CT ya kijana wetu ilikuwa haina hayo.

MRI ilionyesha kwa nini kushoto kulipotea: kovu kubwa upande wa kulia wa ubongo. Ilionyesha pia nyuzi zilizokatika katika daraja linalounganisha pande mbili. Shina lilikuwa zima. Kwa hiyo MRI ilituambia tukae upande wa kulia wa kitanda na kioo chetu, na hiyo peke yake ililipa gharama yake. Uharibifu wa thalamasi zote mbili au wa shina ungetupa matumaini machache zaidi.

Zipo picha zinazotafuta fahamu yenyewe. PET huonyesha ni sehemu zipi zinatumia sukari. Gamba likiwa limezimika karibu lote, fahamu ni vigumu kuwepo, na sehemu pana zikiwa zinawaka, mpime tena mgonjwa kwa makini. MRI ya utendaji ilisikika mwaka 2006 pale Adrian Owen na wenzake walipomwambia mwanamke wa miaka 23, aliyeandikwa hana fahamu, ajifikirie anacheza tenisi. Sehemu ile ile inayowaka kwa watu wazima wa afya ikawaka kwake. Mwaka 2010 wagonjwa 54 walipimwa hivyo, watano wakaweza kubadilisha ubongo wao kwa hiari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 241 wasiotii agizo kitandani, 60 walilitii ndani ya ubongo, yaani robo yao, walipopimwa kwa MRI ya utendaji au umeme wa ubongo. Hiyo ndiyo namba inayonukuliwa kila mahali. Namba ya pili ya utafiti huo hainukuliwi, na kwangu ndiyo ya kazi: kati ya 112 waliokuwa wanatii agizo waziwazi kitandani, mashine iliwaona 43 tu. Zaidi ya nusu ya watu tunaojua wana fahamu, mashine iliwakosa. Maana yake mashine ikisema ndiyo, iamini. Ikisema hapana, bado hujui lolote.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni kitanda kwanza, mara tano, na mashine hizi baadaye kwa yule ambaye kitanda kimemshindwa. Mahali pasipo na mashine hizo, hujapoteza sehemu kubwa ya kazi. Kioo unacho.

Hatua ya saba: unachoandika kwenye faili

Usiandike "hali ya kudumu". Tangu 2018 mwongozo wa Marekani umeacha neno hilo, kwa sababu wachache hurudisha fahamu baadaye. Kuwa macho bila fahamu huitwa sugu baada ya miezi 3 ikiwa chanzo ni ukosefu wa hewa au kiharusi, na baada ya miezi 12 ikiwa ni jeraha. Kijana wetu alikuwa katika mwezi wa pili. Tulimpunguzia baklofeni na kumwanzishia amantadini, dawa iliyoonyeshwa mwaka 2012 kuharakisha maendeleo kwa wagonjwa wa jeraha walio kati ya wiki ya 4 na ya 16, ingawa tofauti hupungua dozi ikisimama.

Andika tendo lenyewe, saa, na nani alisema nini. Maandishi ya siku ile ya tisa yalikuwa hivi: "Saa 11:20 alfajiri, kabla ya baklofeni. Ameketishwa. Mama amesema 'tazama mpira', ameutazama mara 3 kati ya 4, kulia tu. Kushoto haoni. Apimwe tena Ijumaa saa hiyo hiyo, mama awepo, kioo kiko kwenye droo ya kitanda."